Kabla ya Kutia Saini Laini ya Bili Marekani: Namna ya Kusoma Mkataba, Mkopo wa Simu na Gharama ya Kuondoka

Mtu anapoingia kwa mara ya kwanza katika duka la simu nchini Marekani, mara nyingi huambiwa mapema mambo mawili: kwamba simu anaipata bure, na kwamba hakuna mkataba wa kumfunga. Maneno hayo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa maana finyu, na bado mtu huyohuyo akajikuta mwaka mmoja baadaye anadaiwa dola 600 siku anapotaka kuhamia kampuni nyingine. Mwongozo huu unaeleza deni hilo linatoka wapi, limeandikwa kwenye karatasi ipi, na namna ya kulipiga hesabu kabla kidole hakijagusa kishikwambi cha muuzaji. Nimeuandika kwa ajili ya Waswahili wanaoishi Marekani, hasa waliofika karibuni, kwa sababu nimeketi na wengi wao wakiwa na bili mkononi, na karibu kila mara karatasi ambayo ingewaonya ilikuwapo kwenye barua pepe yao tangu siku ya kwanza.

Ninaposema laini ya bili ninakusudia laini ambayo haitiwi vocha wala bando, bali huletewa hesabu kila mwezi kwa jina la mwenye akaunti. Ingawa wengi huiita laini ya malipo ya baada, ada ya kifurushi chenyewe kwa kawaida hutozwa mwezi mmoja mbele. Ndiyo maana bili ya kwanza huwa kubwa kuliko ulivyoambiwa, na ndiyo maana anayeifunga laini katikati ya mwezi mara nyingi harudishiwi siku zilizobaki.

Faini iliyobadilisha jina

Ili uelewe unachotia saini leo, inafaa ujue mambo yalivyokuwa zamani. Kabla ya mwaka 2013 kampuni kubwa za Marekani zilikuuzia simu kwa bei ndogo, na kwa malipo ya wema huo ulijifunga miaka 2. Ukiondoka kabla ya muda ulitozwa faini ya kuvunja mkataba, ambayo ilikuwa imeandikwa waziwazi. Mwezi Novemba 2009, kwa mfano, kampuni ya Verizon ilipandisha faini hiyo hadi dola 350 kwa simu za kisasa, ikipungua dola 10 kwa kila mwezi kamili ambao mteja alikuwa amekaa. T-Mobile iliacha mikataba ya miaka 2 mwaka 2013, Verizon ikaacha kuwauzia wateja wapya mikataba hiyo mwaka 2015, na AT&T ikafuata mwanzoni mwa 2016.

Mahali pa mkataba ule pakaja mkopo wa simu. Sasa unauziwa simu kwa bei yake kamili, ukiilipa kwa awamu za kila mwezi, kwa kawaida awamu 36 kwa AT&T na Verizon, na mara nyingi awamu 24 kwa T-Mobile. Kwa upande mwingine, kama simu iko kwenye ofa, kampuni inakuwekea punguzo kwenye bili kila mwezi, ambalo kwenye bili huandikwa "Bill Credit" au maneno yanayofanana na hayo. Awamu ya dola 25 inaingia, punguzo la dola 25 linaitoa, na kwako simu inaonekana ya bure. Lakini awamu ni deni lako, ilhali punguzo ni ahadi yao yenye masharti. Ukifunga laini, ahadi inakoma na deni linabaki, na kwa kawaida salio lote linadaiwa kwa mara moja kwenye bili ya mwisho. Shika tofauti hiyo, kwa kuwa hatua zote zinazofuata ni njia ya kuitafuta kwenye karatasi.

Hatua ya kwanza: pata karatasi zote, na uzisomee nyumbani

Mkataba wa laini ya bili si karatasi moja. Ni karatasi nne, na muuzaji hukuonyesha moja au mbili tu usipoomba. Kuna lebo ya huduma, kuna mkataba wa huduma wenyewe, kuna mkataba wa mkopo wa simu, na kuna masharti ya ofa. Mwambie muuzaji kwamba unataka zote nne zitumwe kwenye barua pepe yako, pamoja na makadirio ya bili ya kwanza na ya pili, kisha uondoke dukani. Akikuambia kwamba ofa inaisha leo, jibu lako liwe kwamba utarudi leo jioni. Ofa nyingi za namna hii hurudi zikiwa na sura nyingine kidogo, na simu ya dola 900 si nyanya itakayooza.

Ninasisitiza kuondoka dukani kwa sababu saini yenyewe hutiwa kwenye kishikwambi, ambacho huonyesha mistari michache ya mwisho na sanduku la kuweka saini, huku kurasa zilizotangulia zikiwa zimepitwa. Saini hiyo ina nguvu ya kisheria sawa na ya wino. Na jambo jingine: usimtumie mtoto wako wa miaka 12 kuwa mkalimani wa mkataba huu. Atatafsiri maneno ya muuzaji vizuri kabisa, lakini hatajua ni neno gani halikusemwa. Ukiwa na karatasi kwenye barua pepe unaweza kumwomba mtu mzima aliyezoea bili za huku azisome pamoja nawe polepole.

Hatua ya pili: soma lebo, na ujue isichosema

Tangu tarehe 10 Aprili 2024, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, inazitaka kampuni kubwa za intaneti, zikiwamo za simu za mkononi, zionyeshe lebo ya kila kifurushi mahali kinapouzwa. Sura yake inafanana na ile ya lishe iliyoko kwenye pakiti za vyakula. Kampuni ndogo zilipewa hadi tarehe 10 Oktoba 2024. Lebo hiyo inaonyesha bei ya mwezi, kama bei hiyo ni ya muda tu au la, kama inahitaji mkataba wa miezi fulani, ada za mara moja kama ile ya kuwasha laini, na faini ya kuondoka mapema chini ya maneno "Early Termination Fee".

Kwa laini nyingi za watu binafsi utakuta pale pameandikwa sifuri au kwamba faini hiyo haipo. Hapo ndipo watu huvuta pumzi na kufunga karatasi, na hapo ndipo wanapokosea. Lebo inaeleza huduma ya intaneti peke yake, na mkopo wa simu haumo ndani yake. Kwa hiyo sifuri ile ni ya kweli kwa laini, lakini haikuambii lolote kuhusu dola zinazoning'inia kwenye simu. Kama lebo ina faini ya kweli, jambo linalowezekana zaidi katika mikataba ya biashara au ya intaneti ya nyumbani, iandike pembeni, kwa sababu utaijumlisha na salio la simu utakapofika kwenye hesabu.

Hatua ya tatu: soma mkataba wa mkopo wa simu

Karatasi hii mara nyingi huitwa "Retail Installment Contract" au jina linalokaribiana na hilo, na ndiyo nzito kuliko zote nne. Kwa kuwa malipo yake ni zaidi ya awamu nne, sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 kuhusu ukweli katika mikopo inamtaka anayekukopesha akuonyeshe masanduku maalumu ya hesabu, hata kama riba ni asilimia 0. Yatafute masanduku hayo kabla ya kusoma maneno mengine yoyote. Lililoandikwa "Annual Percentage Rate" linaonyesha riba ya mwaka, na kwa kampuni kubwa mara nyingi ni 0. "Amount Financed" ni kiasi unachokopeshwa baada ya kutoa kianzio. "Total of Payments" ni jumla ya awamu zote utakazolipa.

Sasa linganisha sanduku hilo la mwisho na maneno ya muuzaji. Kama alisema simu ni ya bure na sanduku linasema 900.00, hakuna aliyekosea kuandika. Wewe umekopa dola 900. Punguzo halimo kwenye mkataba huu, au likitajwa linatajwa kuwa jambo la pembeni, na mkataba unakudai pesa hizo upate punguzo au usipate. Nimewaona watu wazima wenye akili zao wakibisha kwamba kompyuta ya duka imekosea, kumbe karatasi ndiyo iliyokuwa ikisema ukweli kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle dukani.

Soma pia kifungu kinachoeleza ni lini salio lote linadaiwa kwa mkupuo. Kwa kawaida kinataja kufunga laini, na mara nyingi kinataja pia kuchelewa kulipa. Halafu tazama kianzio. Matangazo ya simu isiyo na kianzio huwa na maneno madogo yanayosema ni kwa wateja wenye historia nzuri ya mkopo, na mtu aliyefika nchini miezi sita iliyopita kwa kawaida hana historia yoyote, si nzuri wala mbaya. Anaweza kutakiwa atoe dola mia kadhaa za simu hiyohiyo ambayo mwenzake kazini aliipata bila kutoa hata senti. Omba uone kiasi chako mwenyewe, si cha tangazo. Uulize vilevile kodi ya mauzo italipwa lini, kwa kuwa katika majimbo mengi hutozwa siku ileile ya ununuzi juu ya bei kamili ya simu, hata simu ikiitwa ya bure.

Hatua ya nne: soma masharti ya ofa, sentensi kwa sentensi

Hii ndiyo karatasi inayopotea mara nyingi zaidi. Wakati mwingine ni aya moja ya herufi ndogo chini ya tangazo, na wakati mwingine ni ukurasa wa tovuti ambao utabadilishwa ofa ikiisha. Uhifadhi siku hiyohiyo, kwa kuupiga picha au kuuchapisha, ukiwa na tarehe. Ndani yake unatafuta mambo matatu.

La kwanza ni unachotakiwa kufanya ili upate punguzo. Ofa inaweza kudai laini mpya, au namba iliyohamishwa kutoka kampuni nyingine, au simu ya zamani uliyoikabidhi. Kama ni kukabidhi simu ya zamani, maneno "hadi dola 800" yana uzito mkubwa: kiwango cha juu ni kwa simu za karibuni zilizo katika hali nzuri, na simu ikifika ghalani ikaonekana ina ufa, thamani inashuka huku mkopo wako ukibaki palepale. Ipige picha pande zote ikiwa imewashwa kabla ya kuituma, na uweke risiti ya posta.

La pili ni unachotakiwa kuendelea kukifanya kwa miezi yote 24 au 36. Hapa kifurushi ndicho chenye mtego. Ofa kubwa mara nyingi hudai kifurushi cha ghali, na ukishuka kwenda cha bei nafuu mwezi wa tano, punguzo linaweza kukoma. Katika ofa nyingi hata kuilipa simu mapema kunalikatisha punguzo, jambo linaloumiza zaidi kwa sababu anayelipa deni mapema anadhani anafanya busara. Tafuta sentensi zinazosema punguzo linakoma lini, na usiridhike na jibu la mdomo.

La tatu ni punguzo linaanza lini. Si ajabu likaanza baada ya bili ya pili au ya tatu, kisha likaletwa na malimbikizo yake. Ukilijua hilo hutashtuka, na pia hutangoja mwaka mzima ukiamini kwamba bado linakuja.

Hatua ya tano: piga hesabu ya kukaa na hesabu ya kuondoka

Chukua karatasi na kalamu. Bei ninazoweka hapa ni za mfano, na wewe utaweka za kwako. Mama mmoja anayeishi peke yake anapewa simu ya dola 900 kwa awamu 36 za dola 25, na punguzo la dola 25 kila mwezi, mradi akae kwenye kifurushi cha dola 85. Kodi ya mauzo ni asilimia 8, yaani dola 72, na ada ya kuwasha laini ni dola 35.

Hesabu ya kukaa ni hii: kifurushi kwa miezi 36 ni dola 3,060, ukiongeza kodi na ada ya kuwasha inafika dola 3,167. Upande wa pili, tuseme mama huyo ananunua simu ileile kwa fedha taslimu, dola 972 pamoja na kodi, kisha anatumia laini ya malipo ya kabla, inayogharimu dola 40 kwa mwezi. Miezi 36 ni dola 1,440, na jumla yake ni dola 2,412. Simu ya bure imemgharimu dola 755 zaidi kuliko simu aliyoinunua.

Lakini usikimbilie kusema kwamba laini ya bili ni hasara daima, kwa sababu bei ya kila laini hushuka sana laini zikiwa nyingi. Familia ya watu wanne kwenye kifurushi hichohicho inaweza kulipa dola 45 kwa laini. Hapo miezi 36 ni dola 1,620, na pamoja na kodi na ada inakuwa dola 1,727 kwa kila mtu. Hata tukiipa familia hiyo laini ya malipo ya kabla kwa dola 25 kila mmoja, pamoja na kununua simu, kila mtu atafika dola 1,872. Kwa familia hii ofa ina faida ya dola 145 kwa kila laini, mradi wakae miezi yote 36 bila kubadilisha kitu. Kwa maoni yangu hapo ndipo swali lenyewe lilipo: je, una hakika gani kwamba miezi 36 ijayo utakuwa palepale, na kazi ileile, na mtandao unaoshika katika nyumba utakayohamia?

Kwa hiyo piga pia hesabu ya kuondoka. Kanuni yake ni fupi:

```
gharama ya kuondoka = awamu zilizobaki × awamu ya mwezi
```

Kama mkataba wa huduma una faini yake, iongeze juu ya jibu hilo. Mama wa mfano wetu akiondoka baada ya miezi 12 amebakiwa na awamu 24, ambazo ni dola 600. Akiondoka baada ya miezi 24 ni dola 300, na baada ya miezi 30 ni dola 150. Ukilinganisha na zamani, faini ile ya dola 350 ya mwaka 2009 baada ya miezi 12 ingekuwa imeshuka hadi dola 230. Ni kweli kwamba leo anayelipa salio anabaki na simu ambayo ni mali yake, na hilo si dogo. Hata hivyo, simu iliyotumika mwaka mmoja haiuzwi tena kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba. Andika tarakimu hizi tatu kwenye karatasi, za mwezi wa 12, wa 24 na wa 30, na uzitazame kabla ya kusaini. Kama ya kwanza ingekutoa jasho, nunua simu ya bei ndogo zaidi.

Hatua ya sita: tazama vilivyoongezwa pembeni

Fungua makadirio ya bili uliyotumiwa na uhesabu mistari yake mmoja mmoja. Ada zenye majina ya kiserikali si zote kodi, na ile inayoitwa "Administrative Fee", kwa mfano, ni ya kampuni yenyewe. Bei ya tangazo mara nyingi huwa tayari imetolewa punguzo la malipo ya kujikata yenyewe, la dola 5 hadi 10 kwa laini, na ili ulipate unatakiwa kuunganisha akaunti ya benki au kadi ya benki. Kama bado hujafungua akaunti, bei yako ni ile ya juu. Bima ya simu ni ya hiari, nayo isipoombwa haifai kuwapo.

Chunguza hasa kishikwambi au saa ya bure. Mimi mwenyewe, katika mwaka wangu wa pili nchini, nilikubali kishikwambi cha zawadi nilipokuwa nikichukua simu, na sikuelewa kwamba kimefunguliwa laini yake ya dola 10 kwa mwezi na mkopo wake wa miezi 24. Kilikaa kabatini. Nilipotaka kuifunga laini ile niliambiwa salio la kishikwambi litadaiwa lote, kwa hiyo nililipa dola 240 kwa kifaa ambacho singekinunua kwa 100. Karatasi ilikuwa na saini yangu, na kila neno lililonibana lilikuwamo. Kila kifaa kina mkataba wake wa mkopo. Kama karatasi za mkopo ni mbili na wewe ulikuja kuchukua simu moja, simamisha shughuli nzima hadi uelezwe ile ya pili ni ya nini.

Hatua ya saba: jiulize ni nani mwenye deni

Sisi tuna desturi ya kukaribishana. Binamu amefika, bado hana karatasi za kutosha, basi tunamwongeza kwenye akaunti yetu, na kila mwezi atatuletea fungu lake. Wiki ya kwanza ni shukrani tupu. Lakini kwa kampuni hakuna binamu, kuna mwenye akaunti mmoja tu, na laini zote pamoja na mikopo yote ya simu ni deni lake. Binamu akihamia jimbo jingine na kuacha kulipa, wewe huna chaguo zuri: ukiifunga laini yake salio la simu yake linakuangukia kwa mkupuo, na ukiiacha unailipia. Usipolipa, akaunti nzima inaweza kukatwa, na deni likikabidhiwa kwa wakusanya madeni, historia ya mkopo inayoharibika ni yako.

Ushauri wangu kwa jambo hili ni thabiti, na haumkosei heshima mtu yeyote. Mkaribishe ndugu kwenye kifurushi, lakini aje na simu yake. Laini isiyo na mkopo unaweza kuifunga mwezi wowote kwa hasara ndogo. Mkopo wa simu kwa jina lako weka kwa wale tu ambao ungewalipia hata wasipokulipa. Kama baadaye ndugu huyo anataka kuihamishia laini kwenye akaunti yake mwenyewe, uliza mapema kwa maandishi kama mkopo na punguzo vitahama pamoja naye, kwa kuwa katika ofa nyingine laini huhama na punguzo hukoma.

Kuna hali moja ambayo sheria inaingilia. Mtu aliye kwenye akaunti ya pamoja na anayemdhulumu nyumbani anaweza, chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 2022, kuiomba kampuni imtenganishie laini yake, na kampuni hairuhusiwi kumtoza faini kwa kutenganishwa huko. Sheria hiyo imeipa kampuni siku 2 za kazi kulitekeleza ombi lililokamilika.

Hatua ya nane: uliza kuhusu kufunguliwa kwa simu

Simu yenye mkopo kwa kawaida imefungwa kwenye mtandao wa kampuni iliyoiuza. AT&T na T-Mobile, kwa mfano, huitaka iwe imelipwa yote kabla ya kuifungua kwa matumizi ya kawaida. Jambo hili linatugusa sisi kwa namna ya pekee. Anayekwenda likizo Dar es Salaam au Mombasa na simu iliyofungwa ataweka laini ya huko na simu itaikataa, na aliyedhani atamtumia mama simu hiyo mwakani atakuta haiwezi kutumika mpaka salio liishe. Pia huwezi kuijaribu kampuni nyingine ya bei nafuu ukiwa na simu hiyohiyo. Tafuta kifungu cha kufungua simu kwenye mkataba wa huduma, uone idadi ya siku na kama salio lazima liwe sifuri. Kwenye iPhone unaweza kuhakikisha mwenyewe: ingia `Settings`, kisha `General`, kisha `About`, na ushuke hadi `Carrier Lock`. Ikisomeka `No SIM restrictions`, simu iko huru.

Hatua ya tisa: siku za kurudisha, na bili mbili za kwanza

Ukishasaini, bado una dirisha dogo. Kampuni hutoa siku za kurudisha simu, na kwa baadhi yake ni 14 tu, huku zikitoza ada ya kurudisha ambayo inaweza kufika dola 50 au zaidi. Weka tarehe ya mwisho kwenye kalenda siku hiyohiyo. Katika siku hizo jaribu mtandao mahali unapolala, kazini, na njiani, si dukani tu. Soma pia kifungu cha usuluhishi, kinachokuzuia kupeleka mgogoro mbele ya jopo la mahakama au kujiunga na wenzako katika kesi moja. T-Mobile, kwa mfano, humpa mteja siku 30 tangu laini iwashwe ili ajiondoe kwenye kifungu hicho, na kujiondoa hakubadilishi bei yako.

Bili ya kwanza na ya pili zisome ukiwa na masharti ya ofa mkononi. Hakikisha kwamba punguzo limeonekana kwa mwezi ulioahidiwa, kwa kiasi kilichoahidiwa, na kwamba pembeni yake pameandikwa ni la ngapi kati ya mangapi, kama 1 kati ya 36. Lisipoonekana, wasiliana na kampuni kwa njia ya maandishi na uhifadhi mazungumzo. Mazungumzo ya simu yanapotea, na mhudumu wa pili hajui wa kwanza aliahidi nini.

Kampuni ikikataa kulirekebisha, unaweza kupeleka malalamiko bila malipo kwenye tovuti ya `consumercomplaints.fcc.gov`. FCC huyafikisha kwa kampuni, nayo hutakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Eleza kwa sentensi chache tu: ulisaini tarehe gani, ofa iliahidi nini, bili imeonyesha nini, na unataka kiasi gani kirudishwe. Kisha ambatisha ile picha ya masharti ya ofa uliyoihifadhi siku ya kwanza.